Kibarua aliyeambiwa ‘usije leo’: Namna sheria inavyohesabu siku zake Voi na Taita Taveta

MJI wa Voi umejengeka mahali ambapo barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa inakutana na ile inayoelekea Mwatate, Taveta na mpaka wa Tanzania. Lango kuu la mbuga ya Tsavo Mashariki liko hapo jirani, na tangu mwaka 2017 mji huo una kituo cha reli mpya ya SGR. Kando ya barabara ya Taveta yametanda mashamba ya mkonge. Hoteli, mbuga, mashamba na maghala ndiyo yanayowaajiri wakazi wengi wasio na kazi za ofisini, na ajira zote hizo zina sifa moja: kiasi cha kazi hupanda na kushuka.

Watalii hufurika kati ya Julai na Oktoba na tena mwezi wa Desemba, kisha hupungua mvua za masika zinapoanza. Kiwanda cha mkonge kinapoharibika, ukataji wa majani husimama kwa kuwa majani yaliyokatwa hayawezi kukaa siku nyingi kabla ya kusindikwa. Lori la bidhaa linapochelewa, wapakuzi hukaa kivulini. Katika hali zote hizi swali ni moja: hasara ya siku iliyopotea ni ya mwajiri au ya mfanyakazi?

Katika nchi kadhaa swali hilo limejibiwa kwa sheria mahsusi zinazomhakikishia mfanyakazi kiasi fulani cha saa za kazi, au zinazomtaka mwajiri alipe fidia anapofuta zamu bila kutoa taarifa mapema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haina kifungu cha namna hiyo. Hata hivyo, haimaanishi kwamba mfanyakazi wa Voi hana kinga yoyote. Kinga ipo, ila imefichwa katika hesabu ya siku, na asiyeijua hesabu hiyo huipoteza.

Aina nne za mikataba

Sheria inatambua aina nne za mikataba ya ajira: mkataba usio na kikomo, mkataba wa muda maalumu, mkataba wa kazi maalumu ambayo malipo yake hutegemea kiasi kilichofanywa, na mkataba wa kibarua.

Kibarua, kwa tafsiri ya kifungu cha 2, ni mtu ambaye masharti ya kazi yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba mkataba wake huzaliwa asubuhi na kufa jioni. Kifungu cha 35 kinasema wazi kuwa mkataba wa malipo ya kila siku unaweza kukatizwa na upande wowote siku inapokwisha, bila notisi.

Hapo ndipo chimbuko la tatizo lilipo. Mtu anayefika langoni saa kumi na mbili asubuhi na kuambiwa hakuna kazi hajavunjiwa mkataba wowote, kwa sababu mkataba wa siku hiyo haukuwa umezaliwa. Nauli aliyotumia na siku aliyoipoteza ni juu yake mwenyewe.

Mambo hubadilika kidogo ikiwa alikwisha kuitwa. Sheria inasema mkataba wa ajira unaweza kuwa wa mdomo au wa maandishi, wa kutamkwa waziwazi au wa kueleweka kutokana na mazingira. Msimamizi anapompigia mtu simu jioni na kumwambia “njoo kesho saa moja”, na mtu huyo akakubali, kuna hoja ya kisheria kwamba makubaliano ya siku moja yamekwisha kufanyika. Akifutiwa zamu hiyo baada ya kufika, anaweza kudai ujira wa siku moja. Lakini hii ni hoja ya kupiganiwa, si haki iliyoandikwa, na ni wachache wanaoweza kufunga safari hadi mahakamani kwa ajili ya ujira wa siku moja.

Mwezi mmoja unavyogeuza mambo

Kifungu cha 37 ndicho moyo wa suala hili. Kinasema kuwa kibarua akifanya kazi kwa kipindi, au kwa siku za kazi za mfululizo, ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa ni wa kulipwa kwa mwezi. Vivyo hivyo kwa kibarua anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu. Hakuna haja ya mwajiri kutia saini wala kutoa barua. Sheria yenyewe ndiyo inayoubadilisha mkataba.

Katika kuhesabu siku hizo, kifungu hicho kinampa kibarua siku moja ya mapumziko yenye malipo baada ya kila siku sita za kazi za mfululizo. Siku hiyo ya mapumziko, pamoja na sikukuu yoyote ya umma itakayoangukia ndani ya kipindi hicho, huingizwa katika hesabu. Kwa hiyo Jumapili si pengo linalokata mfululizo. Ni siku ya kazi kwa macho ya sheria, na inapaswa kulipwa.

Matokeo ya mabadiliko hayo ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwanza, mwajiri hawezi tena kumwachisha mfanyakazi jioni yoyote anayotaka. Lazima atoe notisi ya maandishi ya siku 28, au alipe ujira wa siku hizo. Pili, mfanyakazi akiendelea kwa miezi miwili au zaidi tangu siku alipoanza kama kibarua, anastahili masharti yote ambayo angeyapata chini ya sheria hiyo kama asingeanza kwa ukibarua.

La tatu ndilo linalogusa zamu zilizofutwa. Kifungu cha 19 kinaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya katika mshahara. Mojawapo ni ujira wa siku ambayo mfanyakazi hakuwapo kazini bila ruhusa wala sababu halali. Mfanyakazi aliyeambiwa na mwajiri wake mwenyewe abaki nyumbani hawezi kusemwa kuwa hakuwapo bila ruhusa. Mkataba ukishakuwa wa mwezi, mwajiri anayemwambia “usije hadi tukuite” na kisha kumkata siku hizo anafanya kato ambalo sheria haikulitaja.

Kwa maneno mengine, ndani ya mwezi wa kwanza hasara ya siku iliyofutwa humwangukia kibarua. Baada ya mwezi huo, hasara hiyo inahamia kwa mwajiri. Sheria ya Kenya haikuweka idadi ya saa za uhakika, ila imeweka mstari ambao ukivukwa, kazi ya siku moja moja inakuwa kazi ya mwezi.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa kubuni wa mfuaji nguo katika hoteli moja ya Voi anayelipwa Sh800 kwa siku. Anaanza Jumatatu na kufanya kazi siku sita kila wiki, Jumatatu hadi Jumamosi.

Kufikia mwisho wa wiki ya nne amefanya kazi siku 24. Akiongezewa Jumapili nne za mapumziko, hesabu yake ni siku 28. Jumanne ya wiki ya tano hesabu inafika siku 30. Kama kulikuwa na sikukuu moja ya umma ambayo hakuitwa kazini, siku hiyo haikati mfululizo wake bali inaongezwa humo. Kuanzia wiki hiyo ya tano ana msingi wa kusema kuwa mkataba wake ni wa mwezi.

Wiki ya saba kundi la watalii linavunja safari. Saa nne usiku anapokea ujumbe wa simu unaomtaka asije hadi Ijumaa. Anapoteza siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, yaani Sh3,200. Kama ujumbe huo ungefika wiki ya pili, asingekuwa na la kudai. Kwa kuwa umefika wiki ya saba, siku hizo nne ni sehemu ya mshahara wake wa mwezi na anaweza kuzidai.

Wiki ya tisa anaambiwa kazi imekwisha, bila barua. Hapo ana dai la notisi ya siku 28, ambalo kwa Sh800 kwa siku ni Sh22,400. Tena kuna Jumapili za wiki nne za mwanzo ambazo hakulipwa, zenye thamani ya Sh3,200. Dai hili la mapumziko ndilo linalosahaulika mara nyingi, ilhali limeandikwa ndani ya kifungu chenyewe cha 37.

Sasa mlinganishe na mwenzake anayeitwa siku tatu tu kila wiki, kwa wiki kumi. Naye amefanya kazi siku 30. Lakini hakuna wiki aliyofikisha siku sita za mfululizo, kwa hiyo hana siku ya mapumziko ya kuongeza, na mwajiri atadai kwamba siku zake si za mfululizo. Kifungu kinatumia maneno mawili yanayovutana, “mfululizo” na “kwa jumla”. Mfanyakazi atashikilia la pili, mwajiri la kwanza. Mtu wa zamu za vipande vipande ndiye hasa anayehitaji kinga ya saa za uhakika, na ndiye ambaye sheria inamfikia kwa shida.

Mkonge na malipo ya kipimo

Hali ni tofauti tena katika mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta. Mkataji wa mkonge kwa desturi hahesabiwi saa. Hulipwa kwa kipimo: idadi ya mafungu ya majani aliyoyakata, kuyafunga na kuyapanga kando ya njia ili yachukuliwe kupelekwa kiwandani.

Utaratibu wa kumfanya mfanyakazi abebe hasara ya siku tupu una historia ndefu katika zao hili. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, kibarua alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake nafasi moja iliwekwa alama. Alitakiwa kukamilisha siku hizo 30 ndani ya siku 42. Siku ambayo hakumaliza kipimo, kwa sababu yoyote ile, haikuandikwa.

Sheria ya leo ya Kenya inagusa sehemu tu ya tatizo hilo. Kifungu cha 18 kinaeleza kuwa mfanyakazi aliyepewa kipimo cha siku na asikimalize, mwajiri ana hiari ya kumlipa jioni hiyo kwa uwiano wa kazi aliyoifanya, au kumwacha aimalize kesho yake na kulipwa itakapokamilika. Anayelipwa kwa wingi wa kazi hulipwa mwisho wa mwezi kwa kiasi alichofanya, au kazi inapokamilika, lolote litakalotangulia.

Kwa hiyo mkataji aliyekwisha kufunga nusu ya mafungu yake wakati mashine ya kiwanda inapokwama hawezi kunyimwa malipo ya nusu hiyo. Kinachoweza kubishaniwa ni lini atalipwa, si kama atalipwa. Lakini aliyefika shambani akarudishwa kabla hajaanza, kifungu hicho hakimtaji.

Je, mkataji huyo anaweza kutumia kifungu cha 37 baada ya mwezi? Jibu zito lilitolewa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017 katika kesi ya kampuni ya chumvi ya Krystalline, katika Kaunti ya Kilifi, dhidi ya wafanyakazi wake 68. Wafanyakazi hao walikuwa wameshinda katika mahakama ya chini. Mahakama ya Rufaa iliona kuwa walikuwa wakilipwa kwa kiasi cha kazi, si vibarua wa siku, na kwamba mkataba unaogeuzwa na kifungu cha 37 ni ule wa kibarua. Ushindi wao ukatenguliwa.

Uamuzi huo una uzito katika pwani nzima, Taita Taveta ikiwamo. Unamaanisha kuwa watu wawili wanaoweza kufika shamba lile lile kila asubuhi kwa miaka miwili wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa: yule anayepalilia kwa ujira wa siku huvuka mstari wa mwezi mmoja, lakini yule anayekata kwa mafungu hauvuki. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo afisa wa leba huuliza si “umefanya kazi muda gani?” bali “ulikuwa unalipwa vipi?”

Yanayokwenda kombo

Kwa kuwa mwezi mmoja ndio mpaka, mbinu nyingi za kukwepa sheria hulenga kuzuia mwezi huo usifike. Iliyo ya kawaida ni kumpumzisha kibarua kwa siku chache kila wiki ya tatu au ya nne, kisha kumwita tena kana kwamba ni mtu mpya. Dalili yake ni mapengo yanayojirudia kwa vipindi vilevile hata wakati kazi ipo, huku nafasi ya aliyepumzishwa ikijazwa na mwingine kutoka katika orodha ileile.

Mbinu ya pili ni kumpitishia mfanyakazi kwa wakala. Hoteli au shamba husema kuwa halimjui, na wakala husema kuwa kazi ilikuwa ya mteja. Dalili yake huonekana katika malipo: jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa si la mahali anapofanyia kazi.

Ya tatu ni kubadili jina la malipo. Mtu aliyekuwa akilipwa Sh800 kwa siku huambiwa kuwa sasa atalipwa kwa chumba anachosafisha au kwa gunia analoshusha. Baada ya uamuzi wa mwaka 2017, badiliko hilo dogo linaweza kumtoa mfanyakazi nje ya kifungu cha 37. Hata hivyo, mwajiri hana ruhusa ya kufanya hivyo kimyakimya kwa mtu ambaye mkataba wake umekwisha kuwa wa mwezi. Kifungu cha 10 kinamtaka ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya msingi, na kumwarifu kwa maandishi.

Ushahidi

Hesabu yote iliyoelezwa hapo juu huanguka pasipo ushahidi wa siku. Hapa sheria imeegemea upande wa mfanyakazi kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi, au wa siku za kazi ambazo kwa jumla zinafikia kiasi hicho, lazima uwe wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Maandishi hayo yanapaswa kutaja saa za kazi. Mwajiri akishindwa kuyatoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa na mfanyakazi unakuwa wake. Kifungu cha 74 nacho kinamtaka mwajiri kuweka kumbukumbu za wafanyakazi wake.

Pamoja na hayo, kibarua anayefika mbele ya afisa wa leba mikono mitupu huanza vibaya. Kinachosaidia ni daftari dogo lenye tarehe ya kila siku aliyofanya kazi, saa aliyoingia na kutoka, na siku aliyorudishwa. Ujumbe wa simu wa kumwita au kumfutia zamu usifutwe, kwa kuwa unaonyesha saa ya taarifa. Kumbukumbu za malipo ya M-Pesa huonyesha mfululizo wa siku kwa namna ambayo mwajiri hawezi kuikana kwa urahisi. Anayelipwa fedha taslimu na kutia saini katika orodha ya malipo anaweza kuomba orodha hiyo itolewe wakati wa kesi.

Kibarua asiyeridhika na anavyotendewa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na kifungu cha 37 kinampa haki hiyo kwa jina. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda mahakamani. Tangu tangazo lililochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Juni 2018, mahakimu wa ngazi ya hakimu mkuu mkazi na kuendelea waliruhusiwa kusikiliza mashauri ya ajira ya watu ambao mshahara wao wa mwezi hauzidi Sh80,000. Vibarua karibu wote wamo ndani ya kiwango hicho. Mashauri makubwa zaidi huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, ambayo ina uwezo wa kubadilisha masharti ya kibarua na kutangaza kuwa ameajiriwa kwa masharti yanayolingana na sheria.

Dai linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayesubiri msimu baada ya msimu akitumaini kuitwa tena anaweza kujikuta amechelewa.

Kiwango cha mshahara nacho hutegemea mahali. Amri za mishahara ya chini hugawa nchi katika makundi, na Voi, kwa kuwa ilikuwa na baraza la manispaa kabla ya mwaka 2013, iko katika kundi la kati. Kwa amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida katika miji ya kundi hilo aliwekewa Sh14,866 na senti kwa mwezi bila posho ya nyumba, wakati maeneo mengine ya nchi yasiyo katika makundi ya miji yaliwekewa Sh8,596 na senti. Mfanyakazi wa Wundanyi na yule wa Voi wanaweza basi kudai zamu zilizofutwa kwa viwango tofauti, ingawa wako kaunti moja. Wafanyakazi wa mashambani wana amri yao.

Majirani na mataifa mengine

Tofauti na Kenya, Uganda ina kifungu cha wazi. Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kazi kwa idadi ya siku zilizotajwa au kueleweka katika mkataba, isipokuwa mfanyakazi amevunja mkataba huo, au utekelezaji wake umezuiwa na nguvu zisizo za kibinadamu. Mwajiri asipotoa kazi, hulipa ujira wa kila siku kana kwamba kazi ilifanywa. Mfuaji nguo wetu wa wiki ya saba, angekuwa Kampala na mkataba unaotaja siku sita kwa wiki, asingehitaji kupitia hesabu ya siku 30.

Afrika Kusini imechukua njia ya saa. Tangu Januari 2019, mfanyakazi wa kipato cha chini anayefanya kazi kwa muda usiofika saa nne katika siku moja hulipwa saa nne. Kanuni hiyo humlinda anayeitwa kwa zamu na kurudishwa baada ya saa moja, lakini haimsaidii aliyefutiwa zamu akiwa bado nyumbani.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na New Zealand mwaka 2016. Huko mkataba wa zamu lazima utaje muda wa taarifa ya kufuta zamu na fidia itakayolipwa taarifa ikichelewa. Mkataba usiotaja hayo, mfanyakazi hulipwa kama vile zamu aliifanya. Uingereza nayo ilipitisha Sheria ya Haki za Ajira mwezi Desemba 2025, inayowataka waajiri kuwapa wafanyakazi wa saa zisizotabirika mkataba wa saa za uhakika zinazolingana na saa walizozoea kufanya, na kuwalipa zamu zikifutwa ghafla. Utekelezaji wa sehemu hiyo uliachwa usubiri kanuni.

Mlango wa makubaliano ya pamoja

Kwa mfanyakazi wa Taita Taveta, njia iliyo karibu zaidi ya kupata saa za uhakika si bunge bali ni makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Mashambani chama kinachohusika ni KPAWU, na katika hoteli ni KUDHEIHA. Kwa Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Makubaliano yakishasajiliwa mahakamani huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, awe wa siku au wa kipimo.

Kipengele cha zamu kikiandikwa vizuri hujibu maswali manne. La kwanza ni idadi ya siku za uhakika kwa mwezi. Tuseme ni 18: mfanyakazi aliyeitwa siku 14 tu atalipwa siku nne za ziada. La pili ni muda wa taarifa na njia ya kuitoa, kwa mfano ujumbe wa simu kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. La tatu ni malipo taarifa ikichelewa, ambayo yanaweza kuwa nusu ya ujira kwa aliyezuiwa akiwa nyumbani na ujira kamili kwa aliyekwisha kufika.

La nne ndilo gumu: ni sababu zipi zinazomwondolea mwajiri wajibu wa kulipa? Mafuriko yaliyokata barabara ni jambo ambalo hakuna mtu alilolisababisha. Kuharibika kwa mashine, kupungua kwa wageni au lori kuchelewa ni hatari za biashara, na mwajiri ndiye mwenye uwezo wa kuzitabiri na kuziwekea akiba. Kipengele kinachosema tu kwamba malipo hayatatolewa “kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa mwajiri”, bila kuzitaja, huacha mlango wazi kwa kila zamu kufutwa bure.

Kwa wakataji mkonge na wengine wanaolipwa kwa kipimo, ambao uamuzi wa mwaka 2017 uliwaacha nje ya kifungu cha 37, kipengele kama hicho kinahitaji jambo moja zaidi: kipimo cha wastani. Siku ya uhakika haina maana kwao pasipo kukubaliana ni mafungu mangapi yanayohesabiwa kuwa siku. Wastani wa mafungu ambayo mkataji huyo aliyakata katika miezi mitatu iliyotangulia unaweza kuwa msingi wa malipo siku kiwanda kinaposimama.